Nisaidieni barua ya motisha na wasifu: kujitolea miezi 6 Kyangwali, Uganda

BintiLikoni
Assalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nilimaliza shahada ya afya ya jamii miaka miwili iliyopita. Shirika moja la misaada linatafuta watu wa kujitolea kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, upande wa maji na usafi. Wanataka barua ya motisha ya ukurasa mmoja na wasifu wa kurasa mbili. Barua yangu inaanza: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwasaidia wanyonge, na naamini shirika lenu tukufu litanipa fursa ya kukua." Kwenye wasifu, penye uzoefu, nina mstari mmoja tu: "Nilijitolea wakati wa kipindupindu." Nimeomba kwengine mara tatu, kimya. Nakosea wapi? Mwisho ni Ijumaa.

Kijana_wa_Kisauni
Dadangu, hilo "tukufu" litoe, barua yenye sifa nyingi haisomwi. Na wasifu utie picha, nambari ya kitambulisho, dini, jina la baba, na uambatishe vyeti vyote tangu shule ya msingi, waone umekamilika.

Abuu_Majengo
Nami nina swali hapohapo. Wakala ananiahidi kazi ya ghala Doha, ataka elfu themanini kabla ya viza. Nitume na barua kama hiyo?

MzeeWaMtungi
Abuu, hiyo ni habari nyingine, fungua uzi wako. Lakini pesa usitoe kwanza.

Binti, nimefanya kazi za maji kambini miaka mingi na maombi kama yako nimeyasoma kwa mamia. Msomaji ana tangazo mkononi. Kila sharti analiwekea alama, kisha anatafuta ushahidi kwenye karatasi yako. Ndoto ya utotoni haina pa kuwekewa alama. Kijana amesema kweli kuhusu sifa, ila dini na jina la baba viache, havipimwi, na vyeti ambatisha walivyoomba tu.

Hebu niambie, wakati wa kipindupindu ulifanya nini hasa? Na kwenye lugha umeandika nini?

BintiLikoni
Lugha nimeandika Kiingereza tu. Kiswahili si kila mtu anacho?

Kazi yenyewe: wiki sita nilisimama kwenye kisima kimoja Mtongwe wanapochota wabeba maji wa mizegazega. Tulitia klorini kwenye mitungi ya lita 20, tukangoja nusu saa, tukapima kwa kidonge cha DPD, ambacho hugeuza maji waridi klorini ikiwa bado imo. Wiki ya kwanza mitungi mingi ilikataa kugeuka waridi ijapokuwa dawa ilikuwa sawa. Nikachungulia ndani, mmejaa ukungu wa kijani. Tukaanza kuisugua kwa kutikisa mchanga na kokoto ndani kabla ya kujaza, ndipo rangi ikatoka.

MzeeWaMtungi
Mwanangu, barua ndiyo hiyo! Uliona kipimo kimekataa, ukatafuta sababu badala ya kuzidisha dawa, kumbe uchafu ndio uliokuwa ukiila klorini. Mwenye kuisoma anajua hata kambini maji hutoka bombani salama yakaharibika mtungini. Andika kisima, wiki sita, ulichopima, ulichobadilisha. Kama daftari la vipimo lipo, taja mingapi ilipita mwanzo na mwishoni. Kama halipo usikisie, kwenye mahojiano utaulizwa.

Kuhusu lugha, umeacha silaha yako nyumbani. Wengi walioko Kyangwali walivuka Ziwa Albert kutoka Ituri, na Kiswahili wanakijua. Mwaka 2018 kipindupindu kilizuka hapo miongoni mwa waliokuwa wakiwasili, na kazi kubwa ilikuwa kuzungumza na watu mlangoni. Kiweke juu kabisa. Lakini usijigambe kuwa utaelewana na kila mtu: wao husema "batoto", na kina mama wengine wana Kilendu au Kialuri tu. Sema una Kiswahili cha pwani na uko tayari kujifunza chao.

BintiLikoni
Shukrani, babu. Daftari lipo kwa msimamizi wetu, kesho namfuata, na nimwombe awe mdhamini. Swali moja: baada ya chuo nilikaa miezi tisa dukani kwa mjomba, Kongowea. Niandike?

Kijana_wa_Kisauni
Usiandike, utaonekana muuza duka.

MzeeWaMtungi
Mimi ningeandika mstari mmoja: hesabu ya bidhaa na kupokea mizigo. Kambini sabuni na ndoo huhesabiwa kila siku, na miezi tisa mitupu humfanya msomaji aulize.

MamaSalha
Mwanangu ameajiriwa na shirika akiwa ameficha la duka, na jirani alilitaja naye akapata. Hapo sitii mguu.

BintiLikoni
Aya ya kwanza sasa: "Kwenye kisima cha Mtongwe, mitungi tuliyotia klorini ilikataa kugeuka rangi. Mwanzoni mwa wiki sita nilizokaa hapo, kazi yangu ilikuwa kujua kwa nini." La duka bado sijaamua.

MzeeWaMtungi
"Kazi yetu", mwanangu, kama mlikuwa wengi. Halafu sema wewe mwenyewe ulishika lipi.