Tupeane uzoefu: una hisa 25% kwenye kampuni ya watu, gawio unalipeleka wapi?

Mhasibu wa Gongo la Mboto: Wadau naanza na aibu yangu mwenyewe. Kampuni yetu ilinunua 25% ya kiwanda cha vifungashio Januari mosi kwa milioni 300. Mwisho wa mwaka kiwanda kikapata faida ya milioni 80 baada ya kodi, nikachukua robo yake yaani milioni 20, nikaongeza kwenye uwekezaji na nikapeleka faida na hasara. Hapo sawa. Sasa walikuwa wametoa gawio la milioni 32, zikaingia benki kwetu milioni 8, na mimi kwa furaha nikaziweka mapato ya gawio. Odita akaniuliza swali moja tu, hizi 8 si ndo zile zile zilizokuwa ndani ya 20? Nikanyamaza. Nilikuwa nimekula kuku na nikahesabu mayai yake tena.

Kwahiyo ikabidi nirekebishe, debiti benki 8, krediti uwekezaji 8. Uwekezaji ukasoma 312 badala ya 320, na faida yetu ikashuka milioni 8 wakati bosi ameshatangaza bonasi. Leteni yenu.

Bi Mizania: Pole, wengi tumepita hapo. Mimi nina namna ya kujihakiki nisikamatwe, chukua mali zao zote, toa madeni, kata robo. Tuseme siku mnanunua walikuwa na bilioni 1 (na thamani za vitabuni ziko sawa na za sokoni), robo ni 250, mlilipa 300, maana yake 50 ni bei ya juu, inakaa humo humo ndani ya uwekezaji, usiipunguze kila mwaka. Mwisho wa mwaka wao wana 1,000 + 80 − 32 = 1,048. Robo ni 262, ongeza ile 50, unapata 312. Ikitoka 320 ujue gawio limekaa pabaya. Wakitoa hela mfukoni mwao wanabaki wembamba, na robo yako nayo inakonda.

Kaka Leja: Mbona sisi gawio tunaliweka mapato miaka yote na odita hasemi kitu?? 25% hiyo hiyo

Bi Mizania: Kaka Leja, hizo ni hesabu za kampuni peke yake au za kundi zima? Kwenye za peke yake mnaruhusiwa kubaki na gharama ya kununulia, na hapo gawio kweli ni mapato. Angalia sera yenu ya uhasibu kwenye maelezo ya hesabu kabla hujatuambia wengine tubadilishe.

Kaka Leja: Ngoja nikaangalie. Ila ninavyojua ukivuka 20% ni njia ya ikwiti tu, hii ya kuchukua fungu la faida yao, hakuna mjadala.

Msomaji wa Arusha: Mjadala upo. Hiyo 20 ni dhana tu kwenye kiwango cha uhasibu IAS 28, inapingika kwa ushahidi. Sisi tuna 18% ila mkurugenzi wetu yuko kwenye bodi yao na anapiga kura mpaka za sera ya gawio, odita akatulazimisha ikwiti. Na bosi alikuwa anajua tuko salama chini ya 20 😂

Mama Duka la Jumla: Samahani jamani mimi nina duka na mwenzangu ana robo, sasa faida nimgawie kila mwezi au mwaka?

Mhasibu wa Gongo la Mboto: Mama hiyo ni ya makubaliano yenu, hapa tunaongelea vitabu vya anayemiliki robo. Anzisha uzi wako tutakuja.

Pwani Odit: Yangu ni hasara. Uwekezaji ulibaki milioni 40, wao wakapata hasara na fungu letu likawa 55. Kijana wangu akaandika uwekezaji hasi 15. Hapana, unasimama kwenye sifuri, zile 15 unaziweka pembeni kwenye kumbukumbu, isipokuwa kama mmewadhamini deni au mmeahidi kuwabeba, hapo inakuwa dhima. Mwaka uliofuata fungu la faida likawa 20, akataka kuandika zote. Nikamwambia lipa kwanza ile 15 ya pembeni, unaandika 5 tu. Na kama mmewakopesha mkopo msiotegemea kulipwa karibuni, usikimbilie sifuri, huo nao unaweza kuliwa na hasara.

Msomaji wa Arusha: Na aliyenunua katikati ya mwaka? Tuliingia Aprili mosi, nikachukua robo ya mwaka mzima.

Pwani Odit: Miezi tisa tu. Ya kabla mlishailipia kwenye bei.

Kaka Leja: Nimerudi. Sera imeandikwa ikwiti. Hesabu za peke yake. Gawio liko mapato 😬 miaka minne. Bi Mizania naanzia wapi, mwaka huu au narudi nyuma?