Tupeane uzoefu: Daftari la maneno ya utabibu, Kiswahili na Kiingereza, mnalipangaje?

Kijana wa Shangani
Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa pili, stashahada ya utabibu, hapa Mtwara mjini. Msingi nimesoma kwa Kiswahili, sekondari Kiingereza cha kukariri kama wengi wetu, na sasa kuanzia anatomia hadi famakolojia kila kitu ni Kiingereza. Halafu unaingia wodini, mgonjwa anaongea Kiswahili chake.

Tangu mwaka wa kwanza nina daftari. Kushoto neno la mwalimu, kulia la Kiswahili, limepangwa A hadi Z. Darasani linanibeba sana, siwezi kulikana. Shida ni wodini. Juzi mzee mmoja wa Nanyamba kaulizwa kinachomsumbua, akajibu, "Mwanangu, nina mshipa." Kwenye daftari langu mshipa una majibu matatu: ateri, veni na neva. Hakuna hata moja lililomhusu.

Mliopita njia hii mlilipangaje daftari lenu likawasaidia kote kuwili? Nawasilisha.

Korosho Kwanza
Dogo, huku kwetu kusini mshipa ni busha. Andika haidrosili, funga daftari, kalale. Mimi niliachana na Kiswahili mapema kabisa, nikajilazimisha kufikiri kwa Kiingereza, na mitihani nilifaulu. Kutafsiri kila neno ni kujichelewesha.

Mama Kliniki
Korosho, kwa mitihani ya kuandika nakubaliana nawe nusu. Kwa mshipa sikubali, na hapo ndipo watoto wetu wanapoumia.

Nimefanya kazi Masasi na baadaye Lindi miaka mingi. Mgonjwa akisema "nina mshipa" anaweza kuwa na busha, ni kweli, maana ukanda wetu huu matende na mabusha tunayafahamu. Lakini anaweza kuwa na ngiri. Anaweza pia kuwa hana uvimbe wowote, ana maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, naye anayaita mshipa. Mwingine atakwambia mishipa imekaza, ukimsikiliza vizuri ni misuli ya shingo. Ukiandika haidrosili kwa sababu tu kasema mshipa, umemwandikia ugonjwa kabla hujamgusa.

Shangani, daftari lako lina kasoro moja tu, limeanzia upande mmoja. Linakwenda kutoka kwa mwalimu kuja kwako. Tengeneza la pili linaloanza na mdomo wa mgonjwa, na hilo usilipange A hadi Z. Kila neno la mgonjwa lipe ukurasa mzima. Juu andika MSHIPA. Chini yake usiandike tafsiri, andika maswali kwa Kiswahili kile kile utakachokitamka. Mwisho wa kila njia ya maswali ndipo uweke neno la Kiingereza.

Kwa yule mzee wako ningeanza hivi: "Baba, kuna uvimbe, au ni maumivu tu?" Akisema uvimbe: "Uko wapi, kwenye kinena au umeshuka hadi kwenye korodani?" Kisha: "Ukilala chali unarudi ndani wenyewe? Ukikohoa au ukibeba mzigo unaongezeka?" Ngiri ya kinena mara nyingi hurudi akilala, na akikohoa vidole vyako vinasukumwa. Busha halirudi kwa kulala.

Halafu mkono. Jaribu kushika juu ya uvimbe, pale korodani inapoanzia. Vidole vikikutana juu yake, uvimbe umeanzia humo humo kwenye korodani, na hapo busha lina nafasi kubwa. Visipokutana kwa sababu uvimbe unaendelea kupanda hadi kwenye kinena, fikiria ngiri. Mwisho zima taa, mulika tochi kwa nyuma. Maji masafi yanapitisha mwanga mwekundu. Lakini tochi usiiamini peke yake: busha la miaka mingi lenye ukuta mnene, au lililoingia damu, halipitishi mwanga. Na kwa mtoto mchanga hata utumbo ulioshuka unaweza kupitisha. Hivyo vyote viandike kwenye ukurasa huo huo wa MSHIPA.

Kijana wa Shangani
Asante sana mama. Yaani neno la Kiingereza linakuwa mwisho wa ukurasa, si mwanzo. Sasa mwalimu akiuliza kwa Kiingereza, nitalipata wapi?

Mama Kliniki
Kwenye daftari lako la kwanza, usilitupe. Ni madaftari mawili yenye kazi mbili. Anayedhani moja ni kioo cha lingine ndiye anayekwama. Neno moja la mgonjwa linagawanyika kuwa magonjwa manne, na neno moja la mwalimu linaweza kuwa na majina matatu mtaani.

Mkia wa Mamba
Samahani kuingilia. Mimi mshipa unanisumbua tangu msimu wa korosho mwaka juzi, nilikuwa napakia magunia. Dawa za matende nimekuwa nikimeza kila zinapogawiwa, mbona hauishi? Niongeze dozi?

Mama Kliniki
Usiongeze, ndugu yangu. Zile dawa kazi yake ni kuua minyoo michanga iliyomo kwenye damu, mbu asiichukue na kuipeleka kwa mwingine. Busha lililokwisha jaa maji haziliondoi, hilo ni la upasuaji. Na wewe umetaja kupakia magunia, kwa hiyo sijui hata kama ni busha. Nenda ukapimwe. Siku uvimbe ukiwa mgumu, unauma, haurudi ndani na umeanza kutapika, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, utumbo unaweza kuwa umenaswa.

Mkia wa Mamba
Huwa unarudi nikilala. Asante, Jumatatu naenda.

Binti Mikindani
Niongezee la upande wa pili, Kiingereza kinapotuponza. Kwenye uzazi kuna neno abosheni. Ukifungua kamusi za mtaani utaambiwa ni kutoa mimba. Kitabuni ni mimba yoyote iliyotoka kabla ya kufika umri wa mtoto kuweza kuishi, kwa tunavyofundishwa hapa ni kabla ya wiki 28, iwe imetoka yenyewe au imetolewa.

Nikiwa mafunzoni, kituo sitakitaja, mwenzangu alimuuliza mama mjamzito mbele ya mama mkwe wake, "Umewahi kutoa mimba ngapi?" Yule mama alikuwa amepoteza mimba moja ya miezi mitatu, kwa uchungu mkubwa. Akajibu "hakuna," akageukia ukutani. Kwenye kadi ikaandikwa G2P1. Nesi aliyekuwa akimfahamu ndiye aliyemtoa mama mkwe nje kwanza, akakaa kitandani, akauliza upya: "Mama, kuna mimba yoyote iliyoharibika au haikufika mwisho?" Ikawa G3P1+1. Swali la pili limempa tabibu taarifa ambayo lile la kwanza liliifukuza.

Kwa hiyo mimi kwenye daftari nina safu ambayo wengi hawana: neno gani naweza kulitamka mbele ya mtu mzima. Kwa mzee wa rika la babu yangu siwezi kuanza na korodani. Naanza na "huko chini", akikubali kuongea ndipo namwomba aoneshe.

Korosho Kwanza
Dada, hilo la abosheni umenishika. Lakini bado nauliza, haya yote mtayaandika saa ngapi? Muhula ni mfupi, na makaratasi ni ya Kiingereza.

Mtoto wa Nachingwea
Mimi nayaweka kwenye simu. Natumia AnkiDroid, haina malipo kwenye Android. Naandika faili la kawaida la maandishi, mstari mmoja kadi moja, kisha naliingiza. Hii ni sehemu ya faili langu:

```
#separator:Semicolon
Mgonjwa: "Nina mshipa", uvimbe unarudi akilala;inguinal hernia
Mgonjwa: "Nina mshipa", vidole vinakutana juu ya uvimbe;hydrocele
abortion (mwulize mama kwa Kiswahili);Kuna mimba iliyoharibika au haikufika mwisho?
```

Angalieni kadi ya tatu. Mbele ni Kiingereza, nyuma si tafsiri, ni swali. Mwanzoni programu ilikuwa inanitengenezea kadi za kurudi nyuma, yaani kila kadi inageuzwa. Nikazizima. Ukigeuza kadi ya kwanza inakuonesha ngiri halafu inataka maneno yale yale ya mgonjwa, wakati wagonjwa kumi wa ngiri wanaweza kusema maneno kumi.

Muda? Naandika kadi jioni ya siku ile ile niliyosikia neno wodini. Zisizotoka kwa mgonjwa halisi siziandiki, kitabu chenyewe kipo.

Kaka wa Newala
Hapo mwisho tutofautiane kidogo. Mafunzoni wodi yetu haikuwa na hata mgonjwa mmoja wa pumu miezi yote, oski ikaleta pumu. Ukisubiri wagonjwa wakuletee maneno utakuwa na mashimo.

Mtoto wa Nachingwea
Ni kweli. Sina jibu zuri kwa hilo.

Kaka wa Newala
Na lingine. Bibi zetu wa Tandahimba na Newala vijijini hawana hata hicho Kiswahili cha mshipa, wanaongea Kimakonde na mjukuu anatafsiri. Mjukuu anafupisha. Bibi anaongea dakika mbili, wewe unaambiwa "anasema tumbo." Safu ya tatu ya Kimakonde iwepo au isiwepo?

Binti Mikindani
Iwepo, lakini iandikwe na anayekijua. Mimi Kimakonde changu cha sokoni, nikiandika nitawapoteza wenzangu.

Mama Kliniki
Mimi nilikuwa siandiki. Nilikuwa namwambia mjukuu, "Niambie neno lile lile alilolisema bibi, hata kama hulijui kwa Kiswahili," nalipeleka kwa muhudumu wa wodi aliyezaliwa huko. Na kabla ya kuondoka kitandani namrudishia bibi: nimekuelewa kwamba linauma hapa, limeanza lini, linafanya hivi. Akikunja uso, najua mjukuu au mimi mmoja wetu kapotea. Kama safu ya maandishi ingesaidia zaidi, sina hakika. Kimakonde cha Newala na cha huku ng'ambo ya Ruvuma navyo havifanani kila neno.

Kijana wa Shangani
Nimeanza usiku huu. Ukurasa wa kwanza MSHIPA, wa pili TUMBO, maana nimegundua tumbo kwa mama mjamzito na tumbo kwa kijana aliyekunywa gongo ni vitu viwili. Kesho nikirudi wodini nitamwuliza yule mzee swali la kulala chali, kama hajaruhusiwa.

Mwenye ukurasa wa KIFUA anitupie. Nimesikia watu wakisema "ana kifua" kwa kikohozi, kwa pumu na kwa kifua kikuu, na bado sijui nianze na swali lipi.

Binti Mikindani
Anza na "kikohozi kimeanza lini." Kikizidi wiki mbili, chombo cha makohozi mkononi kabla hujauliza mengine. Hayo mengine nitakuwekea kesho, niko zamu.