Kikundi cha Ukoo: Vichwa vya Watoto Kabla ya Harusi

Shangazi Zainabu, Alhamisi, saa 12:40 asubuhi
Assalaam alaikum ukoo mzima. Wakubwa shikamooni, na wadogo hamjambo. Kama nilivyosema juzi na watu wakanyamaza, Salimu ana mapunye, na sasa Rukia naye nywele zimenyonyoka kisogoni. Harusi ya Mwanaasha ni wiki mbili zijazo na watoto wote watalala nyumba moja. Nimeamua kwamba Jumamosi asubuhi watoto wote wanyolewe, wapakwe dawa, na wanunuliwe vidonge vya aina moja ili tugawane gharama. Kila mzazi athibitishe hapa kabla ya adhuhuri.

Shangazi Zainabu, saa 12:43 asubuhi
[Picha mbili: kichwa cha Salimu na kisogo cha Rukia]

Mjomba Hamisi, saa 1:15 asubuhi
Dada, wa alaikum salaam. Hayo yote mawili ni mapunye, na wala hayahitaji mkutano. Sisi tulikua tukipakwa dawa ya mapunye kutoka dukani, tukanyolewa kipara, tukapona. Vidonge vinachosha maini ya mtoto bure. Mashine yangu ya kunyolea ipo, nitakuja nayo.

Athumani, saa 1:22 asubuhi
Mjomba, naomba kuuliza kwa heshima: hivyo vidonge vinafaa pia kwa mtu wa miaka 41 ambaye nywele za mbele zimehama bila kuaga? Kama tunagawana gharama, mimi niwekwe kwenye hesabu ya watoto.

Mwanaasha, saa 1:24 asubuhi
Kaka, wewe utakuwa mfano wa kabla na baada. 😂

Shangazi Zainabu, saa 1:30 asubuhi
Athumani, jambo hili si la mzaha. Ninahesabu majina na mpaka sasa nimempata Hamisi peke yake.

Mama Salimu, saa 4:05 asubuhi
Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Nimesoma yote. Kwa mashine ile ya mjomba mwanangu hatanyolewa tena. Idi iliyopita wavulana walinyolewa kwa zamu barazani, mmoja baada ya mwingine, bila mashine kufutwa hata kwa kitambaa. Salimu alipoanza kujikuna, maneno yaliyosemwa ni kwamba mimi sioshi watoto. Sijasahau aliyeyasema, naye yumo humu kikundini.

Mjomba Hamisi, saa 4:11 asubuhi
Sasa tunarudi kule kule, kama lile la tangi la maji.

Shangazi Zainabu, saa 4:12 asubuhi
La tangi lisifunguliwe hapa. Nassoro, wewe ndiye uliyesomea ngozi. Mbona hujibu?

Shemeji Nassoro, saa 8:20 mchana
Shikamoo shangazi, samahani, nilikuwa kliniki tangu asubuhi. Nimezikuza picha zote mbili na kuzitazama kwa makini. Picha haitoshi kutoa hukumu, lakini naomba kwanza tuvitenganishe vichwa hivi viwili, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba ni magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa.

Kichwa cha Salimu kina magamba ya rangi ya kijivu, na ndani ya kiraka mnaona vidoti vyeusi kana kwamba mtu amemwagia pilipili manga. Vidoti hivyo ni nywele zilizokatika pale pale zinapotokeza kwenye ngozi. Mama Salimu, tafadhali mpapase nyuma ya shingo, chini ya mstari wa nywele, uniambie kama kuna vitezi vilivyovimba.

Kisogo cha Rukia ni laini, hakina gamba hata moja. Pembeni mwa kiraka naona nywele chache fupi ambazo ni nene juu na nyembamba kwenye shina. Mama Rukia, je, anajikuna? Na kucha zake zikoje?

Mama Salimu, saa 8:31 mchana
Vitezi vipo viwili, kama punje za kunde, na akiguswa analalamika. Lakini shemeji, vidonge alishakunywa mwezi wa Rajabu na havikufanya kazi, ndiyo maana watu wanasema nimpake tu.

Shemeji Nassoro, saa 8:36 mchana
Alikunywa vidonge gani, kiasi gani, na kwa siku ngapi? Na ana uzito gani?

Mama Salimu, saa 8:50 mchana
Bahasha nimeitunza. Imeandikwa griseofulvini miligramu 125, kimoja kwa siku, siku 10. Duka la dawa ndilo lililotupimia hivyo. Uzito wake ni kilo 20, tulimpima shuleni. Alikuwa akimeza asubuhi kwa chai ya rangi.

Shemeji Nassoro, saa 9:14 alasiri
Basi hatuwezi kusema kwamba vidonge vilishindwa, kwa sababu havikupewa nafasi. Kwa dawa hiyo tunahesabu takriban miligramu 20 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 anahitaji kama miligramu 400 kwa siku. Salimu alipata chini ya theluthi ya kiasi hicho. Muda wake nao ni wiki 6 hadi 8, na wakati mwingine zaidi. Tena dawa hiyo hufyonzwa vizuri ikiliwa pamoja na mafuta, yaani baada ya maziwa, yai, parachichi au karanga. Kwa chai ya rangi, sehemu kubwa hupita tu tumboni.

Mjomba, naomba uniruhusu kwa adabu nieleze kwa nini dawa ya kupaka haitoshi. Ukungu wa mapunye hushuka kwenye tundu la unywele na kuingia ndani ya unywele wenyewe, na ndiyo maana unywele unadhoofika hata unakatika. Dawa ya kupaka inaishia juu ya ngozi. Kidonge kinapitia kwenye damu hadi kwenye mzizi, kinajijenga ndani ya unywele mpya unaotengenezwa, kisha unywele huo unaota ukiwa na kinga yake na kuusukuma nje ule ulioshambuliwa. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo siku 10 ni mwanzo tu wa safari.

Mjomba Hamisi, saa 9:25 alasiri
Sawa, lakini sisi tulipona kwa kupakwa. Unalielezaje hilo?

Shemeji Nassoro, saa 9:33 alasiri
Mjomba, wengi walipona walipobalehe, kwa kuwa mafuta ya ngozi ya kichwa hubadilika na ukungu huo hauyapendi. Dawa ikapata sifa ambayo ilikuwa ya umri. Na kuhusu maini uko sahihi kwa kiasi fulani: ketokonazo ya kumeza ina hatari hiyo na hatumpi mtoto kwa ajili ya mapunye. Dawa nyingine za kumeza za mapunye hutumika kwa watoto kwa usalama, mradi aulizwe kwanza kama ana ugonjwa wa ini na kama kuna dawa nyingine anazotumia.

Athumani, saa 9:35 alasiri
Kwa hiyo mimi nilipobalehe mafuta yakabadilika hata nywele zenyewe zikakasirika?

Shangazi Zainabu, saa 9:36 alasiri
Athumani!! Nassoro, sema lipi linanunuliwa. Nipe jina moja la dawa na idadi ya vidonge kwa watoto saba, nipeleke fedha leo.

Shemeji Nassoro, saa 9:58 alasiri
Shangazi, hapo ndipo siwezi kukubaliana na mpango. Kwanza Salimu akwaruliwe magamba na zile nywele zilizokatika, zikatazamwe kwa darubini; jibu la darubini hupatikana siku hiyo hiyo. Kuotesha ukungu wenyewe maabara huchukua wiki kadhaa, na kwa dalili alizo nazo hatusubiri jibu hilo ndipo tuanze dawa, ila linatusaidia kujua aina. Aina inayoenea kutoka kwa mtoto hadi kwa mtoto mara nyingi hutibika kwa terbinafini kwa wiki 4, na kwa uzito wake wa kilo 20 ingekuwa nusu ya kidonge cha miligramu 250 kila siku. Aina inayotoka kwa paka huitikia griseofulvini vizuri zaidi. Je, yule paka wa barazani bado yupo?

Watoto wengine wasio na dalili hawanywi vidonge. Watazamwe vichwa kwenye mwanga wa jua, na wote wa nyumba ya Salimu, hata watu wazima, waoshe nywele mara mbili kwa wiki kwa shampuu ya ketokonazo, povu likae dakika 5 kabla ya kusuuzwa. Shampuu hiyo haiponyi, inapunguza tu mbegu za ukungu zinazorukia wenzake. Kunyoa kipara si lazima, na mashine ikitumika isitoke kichwa kimoja kwenda kingine kabla ya kusafishwa. Vichana, kofia na vilemba visiazimwe.

Mama Salimu, nakutahadharisha jambo moja: baada ya kuanza vidonge, vipele vidogo vyenye kuwasha vinaweza kutokea masikioni na shingoni. Mara nyingi huo ni mwili ukiupiga vita ukungu. Usikatishe dawa kwa sababu hiyo, nipigie kwanza. Ila akivimba midomo au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali.

Mwanaasha, saa 10:02 jioni
Paka yupo na ana watoto wanne. Mmoja analala na Salimu.

Mama Rukia, saa 11:47 jioni
Shikamooni. Nilikuwa kazini. Rukia hajikuni. Kucha zake zina vishimo vidogo vidogo kama vimechomwa kwa sindano, nami nilidhani ni rangi ya kucha imeziharibu. Tangu jumapili mwanangu amekaa na kitambaa kichwani kwa sababu binamu zake wameambiwa wasimkaribie. Nani aliyewaambia?

Shemeji Nassoro, saa 12:20 jioni
Mama Rukia, kwa maelezo hayo nazidi kufikiri ni alopesia areata. Huo ni ulinzi wa mwili wenyewe kukosea na kushambulia mizizi ya nywele. Hauambukizi kwa kichana wala kwa mto. Vidonge vya ukungu havitamsaidia hata akivinywa miezi 6. Kuna dawa za kupaka za kutuliza hilo shambulio, na kiraka kimoja mara nyingi huota chenyewe katika muda wa miezi, wakati mwingine nywele zikianza nyeupe. Siwezi kukuahidi kwamba hakitarudi. Naomba naye akwaruliwe kidogo ili tuwe na hakika, na mweleze daktari kwamba wewe una tatizo la tezi la shingo, kwani mambo hayo hufuatana katika baadhi ya familia.

Shangazi Zainabu, saa 12:31 jioni
Mimi nililisema kwa nia ya kuwalinda watoto. Basi Jumamosi saa 2 wote wawili waende pamoja na gari la Hamisi, na kunyoa kufanyike jioni.

Bibi (ameandikiwa na Mwanaasha), saa 1:50 usiku
Nimesomewa maneno yenu yote. Rukia hatanyolewa. Atasukwa na mimi mwenyewe, nywele zilegezwe zisivutwe, na kwenye harusi atakaa ubavuni kwangu. Aliyesema mama Salimu haoshi watoto aende kwake kwa miguu, asitume ujumbe. Mapunye ninayafahamu, yameingia katika nyumba za wenye sabuni na wasio na sabuni.

Mjomba Hamisi, saa 2:26 usiku
Nimesikia, mama.

Shangazi Zainabu, saa 2:30 usiku
Nimesikia, mama. Lakini Jumamosi inabaki palepale, sivyo?

Shemeji Nassoro, saa 3:05 usiku
Shangazi, Jumamosi maabara ya ngozi haipokei sampuli. Ingekuwa Jumatatu asubuhi, na Salimu asipakwe mafuta wala dawa yoyote kichwani kuanzia sasa hivi.

Mama Salimu, saa 3:11 usiku
Jumatatu ana mtihani. Nitamwombea ruhusa, lakini sijui kama watakubali.

Mama Rukia, saa 3:40 usiku
Mimi Jumatatu nitakwenda, kwa daladala.

Athumani, saa 3:42 usiku
Na watoto wanne wa paka wanakwenda na gari la nani?