MREJESHO: lile swali la gari na breki, muda haujatajwa

Niliuliza hivi: "Gari lina spidi ya 72 km/h, dereva anakanyaga breki, linasimama baada ya mita 40. Mchapuko ni ngapi? Muda hawajatoa, natumia fomula gani?"

Wakuu nimelipata, asanteni sana. Kilichonifungua ni yule aliyesema orodhesha herufi zote tano, u spidi ya mwanzo, v spidi ya mwisho, a mchapuko, s umbali na t muda, halafu tafuta ile ambayo hujapewa na wala hujaulizwa. Hapa u ipo, v ni 0 kwa sababu gari limesimama (hiyo hawaiandiki kama namba, unaitoa kwenye neno "linasimama"), s ipo, a ndo inatafutwa, kwa hiyo t ndo haina kazi, na fomula isiyo na t ni moja tu:

v² = u² + 2as

72 km/h unagawanya kwa 3.6 unapata 20 m/s, basi 0 = 400 + 80a, a = −5 m/s². Hasi maana yake gari linapunguza spidi. Ukisahau kubadili km/h utapata kama −65, breki za gari la kawaida haziwezi hiyo hata kidogo.

Nikahakiki kwa njia nyingine: spidi ya wastani ni 10 m/s, mita 40 zinachukua sekunde 4, 20 gawanya kwa 4 ni 5, imekubali. Ila hii yote inasimama kama breki zinakamata kwa nguvu ileile mwanzo mpaka mwisho.