Bosi hafungui imeili zangu mapema. Nisaidieni kuandika upya kichwa cha hii

Karani_wa_Hesabu
Habari za kazi wakuu. Niko idara ya uhasibu kwenye kampuni ya kawaida hapa Dar. Kila mwisho wa mwezi naandaa orodha ya mishahara, natoa hesabu ya PAYE, kisha namtumia Meneja Mkuu imeili aidhinishe malipo ya TRA. Meneja ana imeili nyingi mno, na nyingi anazisoma kwenye simu akiwa kwenye gari au kikaoni. Mwezi uliopita yangu aliifungua tarehe 7 jioni, benki zimeshafunga, tukaingia kwenye riba.

Kichwa ninachotumia ni hiki, nilikikuta kwa aliyenitangulia:

```
YAH: MALIPO
```

Na mstari wa kwanza ndani: "Ndugu Meneja, natumaini u mzima wa afya na unaendelea vema na majukumu ya kila siku." Kisha ndiyo naeleza.

Sasa ni zamu ya PAYE ya Juni na tarehe 7 Julai ni Sabasaba. Nataka akiona kichwa tu ajue ni nini na kina haraka gani, hata kabla hajafungua. Nikiandikeje?

Mzee_wa_Stoo
Rahisi sana hiyo. Andika HARAKA SANA!!! kwa herufi kubwa, halafu Outlook ina ile alama nyekundu ya mshangao, iwashe. Mimi nafanya hivyo na najibiwa siku hiyohiyo.

Mtoto_wa_Gongolamboto
Mzee wa Stoo, unajibiwa kwa sababu una funguo za stoo 😂

Bi_Masijala
Nimekaa meza ya katibu muhtasi wa wakurugenzi watatu tofauti, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kupitia imeili zao asubuhi kabla hawajafika. Mzee wa Stoo kagusa kitu cha kweli: bosi anatafuta dalili ya haraka. Lakini neno HARAKA peke yake linasema wewe una haraka. Halimwambii afanye nini wala ana muda gani. Na ofisi nzima ikishaanza kuliandika, baada ya wiki mbili hakuna anayeliona. Alama nyekundu nayo ni hivyohivyo. Tena inategemea anasomea wapi, maana si kila programu ya simu inaionyesha.

Kuna hatari nyingine watu hawaiwazi. "HARAKA, LIPA LEO" ndiyo lugha ya matapeli wanaojifanya wakurugenzi ili mhasibu ahamishe fedha. Meneja mwangalifu akiona kichwa cha namna hiyo anakiruka, au mtambo wa imeili unakitupa kwenye takataka.

Sasa kwako, Karani. "YAH: MALIPO" ni tabia ya barua za serikali. Barua ikiwa kwenye karatasi, mtu ameshaishika mkononi, kichwa kinamwambia tu inahusu nini, atasoma iliyobaki. Kwenye simu bado hajakushika. Anaamua kwa mstari mmoja kama akufungue au akupite. Kwa hiyo taja kitendo unachotaka kutoka kwake, kitu chenyewe, na mwisho wake lini.

Ila kabla hujaandika chochote nijibu kwanza: akishaidhinisha yeye, hela inafikaje TRA? Nani wanatia saini benki?

Karani_wa_Hesabu
Asante Bi Masijala. Akiidhinisha, natoa namba ya malipo kwenye mfumo wa TRA, naandaa maelekezo ya benki, wanatia saini watu wawili: yeye na Mkurugenzi wa Fedha. Mkurugenzi wa Fedha anasafiri Alhamisi saa 9 alasiri. Benki nayo ina saa yake ya mwisho ya kupokea malipo ya siku hiyo.

Nilikuwa nafikiria kuandika "PAYE JUNI, MWISHO TAREHE 7 JULAI".

Bi_Masijala
Hapo ndipo wengi wanapokwama. Tarehe 7 ni ya TRA. Meneja wako akiisoma tarehe 1 ataona ana wiki nzima, ataiweka pembeni, na atakuwa na haki.

Hesabu kurudi nyuma. Mwaka huu 2025 tarehe 7 Julai ni Jumatatu, na ni sikukuu. Tarehe 5 na 6 ni Jumamosi na Jumapili. Siku ya kazi ya mwisho kabla ya hapo ni Ijumaa tarehe 4. Lakini mtia saini wa pili hayupo Ijumaa, anaondoka Alhamisi saa 9. Wewe unahitaji muda wa kutoa namba ya malipo, kuandaa maelekezo na kumfikishia asaini kabla hajatoka. Kwa hiyo mwisho wa Meneja wako ni Alhamisi tarehe 3, saa 6 mchana. Hiyo ndiyo inayokaa kwenye kichwa. Sababu ya kuwa saa 6 utaieleza ndani kwa sentensi moja.

Na usiandike "leo" au "kesho". Imeili ya Jumatano jioni yenye neno "kesho" ikisomwa Alhamisi asubuhi inakuwa Ijumaa.

Nairobi_Mtaa_wa_Pili
Hii shida yako naijua vizuri sana. Mimi ni msambazaji wa vifaa vya ofisi, nina LPO tatu hazijalipwa na kila wiki naandikia kampuni fulani hapa Nairobi imeili ya kukumbusha na hawajibu. Mlisema niweke tarehe gani? Ya kuleta mzigo ama ya kulipwa?

Mtoto_wa_Gongolamboto
Kaka, yeye anaomba idhini kwa bosi wake, hadai mtu.

Bi_Masijala
Kaka wa Nairobi, yako ni tofauti kidogo. Wewe huna mamlaka ya kumpangia siku, kwa hiyo weka vitu vya kumsaidia akutafute kwenye makaratasi yake: namba ya LPO, namba ya ankara na tarehe iliyopaswa kulipwa. Asiyetaka kulipa, kichwa hakitamlipisha.

Nairobi_Mtaa_wa_Pili
Sawa mama, nimeelewa. Na huku kwetu PAYE ni tarehe 9, kwa hivyo hiyo Sabasaba yenu haitusumbui 😀

Karani_wa_Hesabu
Nimejaribu hivi:

```
Idhini ya PAYE Juni: mwisho Alh 3 Julai, saa 6 mchana
```

Mhariri_Mkali
Nikiiona hiyo kwenye simu nadhani ni idhini imeshatoka, unaniletea nakala. "Idhini ya PAYE" haisemi nani anamwomba nani. Naifunga nikiwa na furaha kwamba jambo limekwisha. "Idhinisha" nayo kwa mkubwa wako inasikika kama amri. Weka "Naomba idhini". Ina adabu na haina utata.

Halafu urefu. Simu nyingi zinaonyesha kama herufi 30 hadi 40 za kichwa, iliyobaki inakatwa. Nimeipanga hivi:

```
Naomba idhini PAYE Juni, mwisho Alh 3/7 saa 6 mchana
```

Mpaka "3/7" ni herufi 39 ukihesabu na nafasi. Hata simu ikikata hapo, siku imeonekana. Kinachopotea ni saa tu, na saa unairudia mstari wa kwanza.

Bi_Masijala
Nakubali, yake ni nzuri kuliko niliyokuwa nayo kichwani. Neno "mchana" lisidondoke. Meneja wako ni Mswahili au mgeni?

Karani_wa_Hesabu
Mtanzania, ila Mkurugenzi wa Fedha ni mgeni na huwa namwekea nakala.

Bi_Masijala
Basi ndani andika "saa 6 mchana (12:00)". Niliwahi kuona kikao kimepangwa "saa 4", mgeni akaja saa 10 jioni na tai yake.

Sasa mstari wa kwanza. Simu inaonyesha kichwa na chini yake maneno machache ya mwanzo wa ujumbe. Wewe hapo umeweka "natumaini u mzima wa afya". Nafasi yote imekwisha kwa salamu. Sikwambii uache salamu, huyo ni mkubwa wako. Ifupishe na uiunganishe na ombi kwenye mstari uleule: "Shikamoo Meneja. Naomba uidhinishe PAYE ya Juni kabla ya Alhamisi saa 6 mchana (12:00), kwa kuwa Mkurugenzi wa Fedha anasafiri saa 9 na Jumatatu ni Sabasaba." Kiasi, kiambatisho na mengine yafuate chini.

Mzee_wa_Stoo
Na kiasi cha fedha? Mimi ningeweka kwenye kichwa. Bosi akiona milioni kadhaa anaamka.

Mhariri_Mkali
Mimi siweki. Kichwa kinatokea kwenye kioo cha simu hata ikiwa imefungwa. Simu iko mezani kwenye kikao, aliye pembeni anasoma PAYE yenu ya mwezi, anakadiria mishahara.

Mzee_wa_Stoo
Kwenye ununuzi tunaweka kiasi, kwa sababu meneja ana kiwango chake cha kuidhinisha. Ikizidi kiwango anajua moja kwa moja ampelekee mkurugenzi. Inaokoa siku nzima.

Bi_Masijala
Kwa ununuzi nakuunga mkono. Kwa mishahara nipo na Mhariri. Karani, muulize mwenyewe Meneja anapendaje.

Karani_wa_Hesabu
Sawa. Swali la mwisho: huwa natafuta imeili ya mwezi uliopita nabonyeza jibu, kwa hiyo inakuja "Re: Re: YAH: MALIPO". Naendelea hivyo nikibadilisha kichwa tu?

Mhariri_Mkali
Anza mpya kila mwezi. Hizo "Re:" zinakula herufi, na PAYE ya Mei na ya Juni zikikaa kwenye mnyororo mmoja, siku ya ukaguzi utatafuta idhini ya Mei hadi jasho likutoke. Ila ukimkumbusha jambo lilelile la Juni, jibu juu ya ileile bila kugusa kichwa. Kwenye Gmail ukibadilisha kichwa mazungumzo yanakatika yanakuwa mawili.

Mtoto_wa_Gongolamboto
Hapo sikubaliani. Kumbusho lenye kichwa kilekile ataona ni kitu alichokwishakiona. Mimi naongeza "BADO:" mbele, mnyororo ukikatika na ukatike.

Mhariri_Mkali
Na idhini yake ikija kwenye mnyororo wa pili, kiambatisho kiko kwenye wa kwanza?

Mtoto_wa_Gongolamboto
Naambatisha tena.

Karani_wa_Hesabu
Nimetuma leo asubuhi na kichwa cha Mhariri, mstari wa kwanza wa Bi Masijala. Kiasi nimekiacha ndani. Meneja kajibu kabla ya chakula cha mchana: "Sawa, nimeidhinisha. Mbona hukuniambia kama anasafiri?" Jumatatu iliyopita niliandika ndani kabisa, aya ya tatu.

Nairobi_Mtaa_wa_Pili
Hongera. Mimi nimetuma zangu na namba za LPO. Moja wamejibu, wanasema ankara haikuwafikia. Nitume upya na kichwa kipi sasa, cha kudai ama cha kuleta ankara?