Fundi kala dharura yote, na faida kaipiga juu ya dharura hiyo hiyo

Wakuu, nina hasira sana. Nimekarabati mabafu mawili na jiko, Tabata. Kotesheni ilikuja imenyooka: vifaa 6,000,000, ufundi 2,400,000, dharura asilimia 10 ambayo ni 840,000, halafu faida asilimia 15. Jumla 10,626,000.

Kazi imeisha. Kitu pekee ambacho hatukukitarajia ni bomba lililooza ndani ya ukuta, likagharimu 210,000 pamoja na ufundi. Namuuliza 630,000 iliyobaki iko wapi, ananijibu, "Bosi, ulishasaini." Na faida kaikokotoa kwenye 9,240,000, dharura ikiwa ndani! Yaani 126,000 ya faida inatokana na dharura, wakati iliyotumika ni robo tu.

Eneo la tailizi ni mita za mraba 40, kwenye vifaa kaweka 44 kwa sababu ya kukata na kuvunjika. Hapo sina neno. Sasa boksi lililovunjika analiingizaje tena kwenye dharura? Huu ni wizi!

Kiboko wa Bati: Pole mkuu. Mimi niliandikiwa bati geji 28, nikaezekewa geji 30. Mvua ya mawe ikija sijui itakuwaje.

Mzee wa Saiti: Kosa lako ni kukubali dharura. Fundi anayejua kazi anakagua kwanza, haweki mstari huo kabisa.

Mkadiriaji: Sikubaliani, mzee wangu. Ndani ya ukuta wa zamani huoni mpaka uvunje. Ukimkataza kuandika dharura, ataificha kwenye bei ya saruji na hutaiona kamwe. Shida ni nani anaishika. Inatakiwa ibaki kwako. Tatizo likijitokeza mnalipiga picha, mnapima, unakubali kwa maandishi kabla hajaziba ukuta, ndipo unalipa pamoja na faida ya kiasi hicho tu. Boksi la tailizi halimo, lile lilishalipiwa kwenye zile mita 4. Karatasi yako inasemaje?

Fundi Mwenzake: Mnatusema sana. Nikitoa bei leo, saruji ikapanda wiki ijayo, nani anafidia? Wengine dharura ndiyo inatuokoa hapo.

Mkadiriaji: Andika basi bei yako inasimama siku ngapi. Usilipie saruji kwa hela ya bomba.

Mleta uzi: Karatasi imeandikwa "Dharura 10%" tu, na chini "bei ya jumla ya kazi". Malipo ya mwisho 900,000 bado ninayo. Nakata 630,000 na faida yake 94,500, namwachia 175,500.

Mkadiriaji: Hayo maneno "bei ya jumla" ndiyo yatakusumbua. Atasema alibeba hatari yote mwenyewe, na kama kungeoza mabomba matatu asingekuongezea hata shilingi. Aliwahi kukuomba nyongeza yoyote nje ya ile bei?

Mleta uzi: Aliomba! Ya nauli ya kubeba kifusi, na ujumbe wake upo kwenye simu. Naanzia hapo kesho asubuhi.