Mkopo wa nyumba miaka 15 au kuendelea kupanga? Hesabu ya nyumba ya Isyesye, Mbeya

Nesi_Forest
Habari zenu wakubwa. Tunapanga nyumba ya vyumba vitatu Isyesye, kodi 250,000 kwa mwezi, tunalipa miezi sita mbele. Mwenye nyumba anataka kuiuza milioni 60, hati anayo. Tuna akiba ya milioni 12, na benki iko tayari kutupa 48 zilizobaki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka 15. Rejesho ni kama 672,000 kila mwezi. Mshahara wangu na wa mume wangu unabeba, ila hatubaki na cha kuweka. Tununue, au tukapange nyingine kama hii?

Kijana_wa_Soweto
Nunua dada, usiulize mara mbili. Kodi ni hela ya kumjengea mwenzio. Halafu inapanda kila mwaka, ukifika mwaka wa saba utakuwa unalipa kodi kubwa kuliko hilo rejesho.

Mzee_wa_Riba
Kijana, hapo kwenye kodi kupanda uko sawa, ila mwaka wa saba hapana. Tuseme inapanda asilimia 6 kila mwaka. Mwaka wa 15 itakuwa kama 565,000, bado haijafikia rejesho. Miaka yote 15 watalipa kodi kama milioni 70. Marejesho ni milioni 121, mbali na ile 12 ya mwanzo.

Nimekaa dawati la mikopo miaka mingi, na jambo linalowaumiza watu ni hili. Rejesho la kwanza la 672,000, riba inachukua 600,000. Deni linapungua kwa 72,000 tu. Baada ya miaka mitano mtakuwa mmelipa milioni 40, na deni bado ni kama milioni 41.6. Anayeuza au kuhamishwa kikazi miaka hiyo ya mwanzo hushtuka akiona salio.

Mama_Parachichi
Mimi nilinunua kiwanja Uyole, nikapandisha nyumba polepole, tofali kwa tofali, miaka tisa. Sina deni la mtu. Kwa nini usijenge mwanangu?

Nesi_Forest
Asante mama, ila hapa nalinganisha hii nyumba na kupanga. Kujenga huku nalipa kodi sijakupigia hesabu. Mzee, kwa hiyo kupanga ni bora?

Mzee_wa_Riba
Kwa sharti moja. Leo tofauti ya kodi na rejesho ni 422,000 kwa mwezi, na itapungua kadiri kodi inavyopanda. Mkiiweka yote bila kukosa, pamoja na ile milioni 12, mahali panapotoa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka 15 mtakuwa na takribani milioni 173. Nyumba ikipanda bei asilimia 6 kwa mwaka itafika milioni 144. Ikipanda asilimia 8, itafika 190. Zinalingana nyumba ikipanda kama asilimia 7.3. Na hapo sijatoa ukarabati wala kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, vyote juu ya mwenye nyumba.

Sasa jiulizeni kama mtaiweka kweli. Mkiweka nusu tu ya hiyo tofauti, mtabaki na kama milioni 111, na hapo aliyenunua amewazidi hata kwa ile asilimia 6.

Kijana_wa_Soweto
Hapo ndipo penyewe mzee. Nimepanga miaka minane, kila mwezi nasema nitaweka, inaishia kwenye ada na misiba. Benki inakulazimisha kuweka.

Mwalimu_Tukuyu
Dada, soma mkataba kama riba ni ya kudumu au inabadilika. Yangu ilipanda mwaka wa tatu, rejesho likaongezeka na mshahara ukabaki ule ule. Uliza pia wanakata nini ukilipa kabla ya muda. Hati mpeleke mtu aihakiki ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi.

Nesi_Forest
Nashukuru sana. Mume wangu anasema Isyesye bei inakimbia, mimi naona nyumba mbili jirani zimekaa na bango la kuuzwa tangu mwaka jana. Na kituo changu cha kazi kinaweza kubadilishwa wakati wowote.

Mzee_wa_Riba
Nenda kaulize hao wenye mabango wanataka kiasi gani, na walianzia bei gani. Kama wameshusha, asilimia 7.3 iko mbali. Na mkihamishwa, nyumba hiyo mkiipangisha itawaletea 250,000 kwa rejesho la 672,000. Tofauti mtaitoa wapi kila mwezi, huku mkilipa kodi huko mnakohamia?

Nesi_Forest
Hapo bado hatujapata jibu. Jumamosi tutakwenda kwenye hayo mabango.